Herufi Mia na Hamsini za Dada Wawili

Kaveke hakuwa mwongo wa mdomo. Muulize mtu yeyote pale Kamakis. Chapati ikiwa ya jana atakuambia ni ya jana, ule ukitaka. Supu ikipungua chumvi, atasema mwenyewe kabla hujaonja. Ndiyo maana yaliyompata yanaudhi kuyasimulia, kwani yalimpata kupitia mstari mmoja mfupi kwenye simu, na mstari wenyewe hata hakuutunga yeye.

Aliyeutunga ni Waridi. Wanawake hawa wawili walijuana kwenye kantini ya kiwanda kimoja mjini Thika, wakapika pamoja miaka kumi na mmoja. Kaveke ni Mkamba wa Gatuanyaga, mshirika wa kanisa, sauti ya kwanza kwenye kwaya. Waridi ni Mwislamu wa Majengo, Thika, mtoto wa Mzee Ahmad aliyekuwa fundi cherehani. Kiwanda kilipofunga kantini, waliunganisha walichonacho wakafungua mkahawa Ruiru, kule Kamakis, nyuma ya pampu ya petroli. Wakauita Dada Wawili. Wateja walikuwa wakiuliza kama kweli ni ndugu, nao walijibu ndiyo bila kupepesa macho.

Wiki ile ya kufungua, Waridi alitengeneza ukurasa wa mkahawa kwenye Instagram. Picha alishapiga. Palibaki pale juu, chini ya jina, ambapo mtu anaandika kwa ufupi biashara yake ni nini. Alimpa Kaveke kazi ya kuandika, na Kaveke akaandika kwa kalamu, upande mmoja mzima wa karatasi.

"Karibuni nyote Dada Wawili," Waridi alisoma kwa sauti, "mahali pa amani na upendo, tulikoanza kwa neema ya Mungu baada ya kupitia mengi..." Akainua macho. "Dadangu, hii ni risala ya harusi."

"Kwani ina makosa gani?"

"Simu inakubali herufi mia na hamsini. Nafasi inahesabiwa, nukta inahesabiwa, ukiruka mstari inahesabiwa. Wewe uko mia tatu na bado hujataja chakula."

"Sasa mtu atajuaje sisi ni akina nani?"

"Akishiba atauliza."

Walicheka, wakaanza upya. Waridi alikuwa na kichwa cha mambo hayo. Alisema mtu mwenye njaa anasoma kwa sekunde tatu, anataka kujua mna nini, mna nini ambacho jirani hana, mko wapi, na kama akija saa hii atakuta mmefungua. Basi. Mambo ya amani na upendo atayaona kwenye sahani. Kaveke aliomba angalau kamstari ka Zaburi, Waridi akamwonyesha namba ndogo kwenye kona inayohesabu herufi zilizobaki, Kaveke akaachana na Zaburi.

Kilichowagombanisha kidogo ni mstari wa pili.

"Halali ya nini?" Kaveke aliuliza. "Machinjio yote ya huku si mchinjaji ni Mwislamu? Hata hao wengine nyama yao ni hiyo hiyo."

"Karibu yote. Mtu kama baba yangu hali nyama ya 'karibu'. Yeye lazima aambiwe." Waridi alikuwa anaandika huku anaongea. "Na tazama hii barabara yote, choma, choma, choma. Mama ametoka safari na watoto, ni Mwislamu, anatafuta pa kula. Atapita vibanda kumi aje kwetu kwa ajili ya neno hilo moja."

Wakamaliza hivi:

*Pilau, supu ya mbuzi, chapati, chai.*
*Nyama zetu ni halali.*
*Kamakis, Ruiru, nyuma ya pampu ya petroli.*
*Kila siku saa 1 asubuhi–3 usiku.*
*Agiza kwa simu.*

Herufi mia na hamsini kamili, hata nukta moja zaidi isingeingia. Waridi aliifurahia kama mtu aliyepata nguo ya mtumba inayomkaa sawasawa. Na kweli ilileta watu. Walikuja kutoka Gatongora, kutoka Membley, hata wasafiri wa kutoka Garissa waliochepuka kutoka barabara ya bypass na simu mkononi wakiuliza, "Ni hapa?" Ni hapa. Mlango ulikuwa huo huo, karibu ndani.

Mwaka wa pili, mwezi wa nane, Mzee Ahmad alianguka bafuni. Kiharusi kikachukua upande wa kulia na nusu ya maneno. Zaid, kaka yake Waridi, alikuwa dereva wa malori, leo Malaba kesho Mombasa, hangeweza kumgeuza mgonjwa kitandani. Waridi akarudi Thika. Akamwachia Kaveke sufuria, wateja na paswadi ya ukurasa, akasema hataki mgao wa mkahawa asioupikia.

"Kitu kimoja tu," alisema. "Ijumaa mpelekee mzee supu. Hiyo yako ya mbuzi, anaipenda."

"Hata usiniambie," Kaveke alijibu. Na Ijumaa moja haikumpita. Themosi ya lita mbili ilipanda Thika kila wiki, mara kwa mtu wa bodaboda, mara kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye mwezi wa kumi.

Ukame ule wa mwezi wa kumi kila mtu wa mashariki ya Thika anaukumbuka. Gatuanyaga palikuwa vumbi tupu. Kiilu, mdogo wake Kaveke, alikuwa na mbuzi ishirini na nane, wakawa wanatafuna maboksi. Madalali walikuja wakampa bei ya matusi. Akampigia dada yake simu.

"Mwana wa mwaitu," alisema, na Mkamba akikuita hivyo, mtoto wa mama yangu, ujue kuna jambo. "Wewe unanunua mbuzi kwa watu wa nje na wangu wanakufa. Mama angekuwa hai ungemwambiaje?"

Ungejibu nini hapo? Wiki hiyo Kaveke aliacha kununua kwa bucha ya Mborana pale Kamakis, akaanza kununua kwa Kiilu. Mbuzi walichinjiwa kule kule nyumbani kwenye machinjio madogo ya soko, mkaguzi akapiga muhuri wake wa zambarau, nyama ikapanda gari ikiwa safi. Kisheria haikuwa na doa. Lakini aliyeshika kisu ni Kiilu mwenyewe, mzee wa kanisa, hodari wa kuchinja tangu utotoni, na Kiilu akichinja husema, "Haya, twende kazi."

Angenunua popote pale barabarani, kwa muuza nyama yeyote asiyejulikana, pengine mstari ule ungebaki kweli. Aliharibu kwa kununua nyumbani. Huo ndio uchungu wa jambo lenyewe.

Mwanzoni Kaveke hakuufikiria mstari, na hapo hana kosa. Nani anakumbuka maneno ya kwenye simu yaliyoandikwa mwaka jana? Alikuwa peke yake jikoni na msichana mmoja wa kuosha vyombo, miguu inafura, mgongo unauma. Ilipofika Novemba alishindwa na kazi ya asubuhi. Watu walikuwa wanakuja saa moja wanakuta mlango umefungwa, mmoja akaandika maoni ya hasira kwamba mkahawa huu unadanganya saa zake. Kaveke akaona aibu. Akaketi kwenye meza ya karibu na dirisha, akafungua ukurasa, akaingia kwenye yale maneno ya juu ili arekebishe saa.

Kuyarekebisha lazima uyasome. Mistari yote mitano ilikuwa pale mbele yake kwenye kisanduku kimoja, na kidole chake kikiwa kwenye wa nne, macho yakapanda hadi wa pili.

*Nyama zetu ni halali.*

Chai yake ikapoa. Kwenye meza ya pili palikuwa na baba mmoja mwenye kofia ya kufumwa na vijana wake wawili, wanakula pilau, na kijana mdogo anaomba nyongeza. Kaveke aliwatazama. Alijua kabisa kilicho kwenye sahani ile. Alijua pia kwamba karibu nusu ya wateja wake ni watu wa mstari ule, na kwamba akiutoa, kesho Kiilu atakuwa na mbuzi na yeye hana mlaji. Akajiambia mvua ikinyesha atarudi kwa Mborana. Akajiambia Mungu ni mmoja, mbuzi ni mbuzi. Akajiambia kwamba kama hajaugusa mstari wenyewe, basi yeye hajaandika kitu.

Akafuta *saa 1 asubuhi*, akaandika *saa 6 mchana*. Akabonyeza kuhifadhi. Halafu akainuka akamwongezea yule kijana pilau.

Mvua ilinyesha. Mbuzi wa Kiilu walipata majani wakanenepa, na kwa kuwa walinenepa ikawa hasara kuacha kuwanunua. Hivyo ndivyo mambo haya huenda, jamani, usijidanganye wewe ungefanya vingine. Mwaka ukageuka. Ramadhani ikaingia mwezi wa pili, na themosi ya Ijumaa ikawa inafika Majengo jioni, karibu na kufuturu.

Mzee Ahmad alifariki Aprili, Jumatatu alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Kaveke alisikia akiwa anasukuma chapati. Alilia akiwa na unga mikononi, kwa sababu mzee yule alikuwa amemshonea sare yake ya kwanza ya kwaya bila kuchukua hata shilingi.

Jumanne Zaid alituma ujumbe. Hitma ni kesho, siku ya tatu, watu kama sitini. *Dada Kaveke tunaomba pilau ya mbuzi, tutalipa, usikatae. Wazee walikuwa wanauliza chakula kitoke wapi nikawatumia page yenu, wakasoma, wakaridhika.* Chini yake aliweka picha ya ukurasa. Mistari mitano ya Waridi, na ule wa pili ameuzungushia duara jekundu.

Kaveke alilitazama duara lile mpaka simu ikazima mwanga.

Basi akafanya kitu ambacho alidhani ndicho chema. Alikwenda kwa Mborana, ambaye hakununua kwake kwa miezi saba, akanunua mbuzi wawili waliochinjwa kwa kisu cha Mwislamu na Bismillahi yake. Hakuomba kupunguziwa. Sufuria alizisugua kwa jivu, akazisuuza maji saba ingawa hakuna aliyemwambia hivyo. Nyama ya Kiilu akaifungia kwenye friza. Alipika kama anayelipa deni kwa Mungu, na Jumatano asubuhi alipakia sufuria mbili kubwa kwenye gari la kukodi akaelekea Thika, akijiambia njia nzima kwamba leo, angalau leo, kila kitu ni kweli.

Nyumba ya Majengo ilijaa. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka. Zaid na dereva wa gari lile waliweka sufuria barazani. Waridi alitoka chumbani, amekonda, macho mekundu, akamkumbatia Kaveke shingoni wakalia pamoja kwa muda mrefu. Kisha akamketisha katikati ya shangazi zake kama mtu wa nyumbani.

"Huyu ndiye Kaveke," aliwaambia. "Huyu ndiye wa supu."

"Ndiwe!" shangazi mmoja, Nadira, alimkamata mikono yote miwili akaibusu. "Mwanangu, Mungu akulipe. Unajua alipolazwa zile siku tisa alikataa chakula chote cha hospitali? Chote. Anasema hajui kimechinjwa na nani. Madaktari wamegomba, Zaid amelia. Anafunga mdomo hivi, kama mtoto. Nikasema huyu atakufa njaa."

"Ijumaa ile ukaleta themosi," Waridi alidakia, akijaribu kutabasamu. "Akauliza kwa yale maneno yake ya nusu, ya wapi. Nikamfungulia simu nikamsomea. Pilau, supu ya mbuzi, nyama zetu ni halali. Akafungua mdomo." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ndicho kitu cha mwisho alichomeza, dadangu. Supu yako. Nilikuwa namsomea ule ukurasa kila Ijumaa hata kabla ya hospitali, maana alikuwa anasahau, lazima aulize tena."

Wanawake wakasema Alhamdulillahi. Kaveke angeweza kunyamaza. Pilau ya barazani ilikuwa safi, mzee alikuwa kaburini, na Mborana asingemsaliti. Hakuna mtu duniani angejua. Lakini Nadira alikuwa bado amemshika mikono, anaibusu, na Kaveke hakuweza kuivumilia midomo ile kwenye vidole vyake.

"Waridi," alisema. "Njoo nje. Nyuma."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kamba ya nguo na karai la maji. Kaveke alisema yote akiwa amesimama, bila kupamba. Kiilu, ukame, mbuzi wa Gatuanyaga, kisu cha Kiilu. Tangu mwezi wa kumi. Supu zote za Ijumaa. Za Ramadhani pia. Ile ya hospitali pia.

Waridi aliketi polepole juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Tangu mwezi wa kumi," alisema.

"Nilisahau yale maneno yako bado yako pale. Naapa, Waridi, kazi ilinizidi, nilisahau kuyatoa."

Hapo ndipo Kaveke, ambaye hakuwa mwongo wa mdomo, alidanganya kwa mdomo. Na alimdanganya mtu asiyedanganyika kwa jambo hilo.

Waridi alitoa simu mfukoni. "Nilikuwa naifungua kila siku," alisema. "Nikiwa nimekaa na baba sina la kufanya, naangalia ukurasa wetu. Novemba niliona saa zimebadilika. Nikafurahi, nikasema Kaveke amejifunza kurekebisha mwenyewe." Aligeuza simu, akaiweka mbele ya uso wa mwenzake. "Saa ziko hapa. Halali iko hapa, mistari miwili juu. Huwezi kurekebisha hii bila kuiona hii. Mimi ndiye niliyekuonyesha."

Kaveke aliisoma mistari ile miwili kwenye kioo.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaiacha."

"Nikaiacha. Nisamehe. Waridi, dadangu, nisamehe."

Ndani watu walianza kusoma Kurani. Sauti zilipanda pamoja, zikashuka pamoja. Waridi alizisikiliza kidogo.

"Aliyekula bila kujua hana dhambi," alisema. "Hilo sina wasiwasi nalo, baba yuko salama. Lakini mdomo aliufungua kwa sababu yangu. Nilimsomea mimi, Kaveke. Kwa sauti yangu. Ulinitumia mimi."

Kaveke alilia sasa bila kujificha. Alitaka mwenzake amtukane, ampige hata kofi, chochote. Waridi alisema, "Fungua ukurasa. Sasa hivi, hapa."

Alifungua. Vidole vilikuwa na maji ya machozi, simu ikawa haisikii, akajifuta kwenye leso akajaribu tena. Akaingia kwenye maneno. Akaweka kidole mwisho wa mstari wa pili akaanza kuufuta.

"Usiufute ukaacha hivyo," Waridi alisema. "Ukiufuta tu, wale waliokula watadhani bado uko. Mtu haoni kilichoondolewa, huona kilichoandikwa. Waandikie."

"Niandike nini?"

"Tangu Oktoba nyama si halali."

Kaveke aliandika. Haikuingia, herufi saba zilizidi. Alimtazama Waridi, na Waridi, kwa sauti ile ile ya mwaka ule wa kwanza mezani, sauti ya mtu anayejua kazi, akasema, "Toa 'Agiza kwa simu.' Hutapigiwa."

Aliutoa. Ikaingia. Kwenye kona zilibaki herufi tisa, na Kaveke akaona kwamba zinatosha. Aliruka nafasi moja baada ya *halali.*, akaandika *Samahani*. Ikajaa kamili.

Waridi aliinama akaisoma.

"Futa hiyo."

"Waridi, tafadhali. Hiyo tu."

"Hapo mtu anasoma anachokuja kula. Hauzi samahani. Futa."

Kaveke alifuta neno lake herufi moja moja. Akabonyeza kuhifadhi. Waridi akafungua ukurasa kwenye simu yake mwenyewe, akahakikisha, akairudisha simu mfukoni.

"Na pilau ya leo?" aliuliza.

"Ni ya Mborana! Mbuzi wawili, jana jioni, mpigie simu umuulize! Sufuria nimezisugua. Waridi, kwa jina la Mungu wangu, hii ni halali. Hii ni halali kabisa."

Kaveke aliona kwamba Waridi anataka kuamini. Aliona anajaribu, kama mtu anayejaribu kusimamia mguu ulioteguka.

"Inawezekana," Waridi alisema. "Lakini ndani kuna watu sitini, na mimi ndiye nitakayewaambia kuleni. Siwezi tena."

Aliingia jikoni. Kaveke alimsikia akiongea chini na shangazi zake, akasikia Nadira akisema "Yarabi, masikini," asijue masikini ni nani. Mtu alitumwa dukani kununua mikate na maharagwe. Jiko la mkaa likawashwa. Hakuna aliyetoka kumtukana, na Zaid, alipoambiwa, alisimama mlangoni akamtazama Kaveke mara moja tu, halafu akaenda kumwita dereva.

Walibeba sufuria zile, Zaid upande mmoja na dereva upande wa pili, zikiwa zimejaa na moto bado, wakapita nazo katikati ya turubai. Harufu ya pilau ikawatangulia. Wanaume waliokuwa wamekaa tangu asubuhi waligeuza vichwa, wakajisogeza kupisha, wengine wakaanza kukunja mikono ya kanzu. Kaveke alifuata nyuma na mwiko mkononi. Sufuria zilipopita bila kutuliwa, babu mmoja mwenye fimbo aliuliza kwa sauti, mbona chakula kinarudi, kuna nini?

Zaid na dereva waliendelea kuelekea garini. Kaveke alisimama na mwiko wake, akageuka nyuma, akamwona Waridi mlangoni, na kwa mara ya mwisho akatumaini.

"Hicho si chetu, babu," Waridi alisema. "Vumilia kidogo, chetu kinapikwa."